Suala la kuritadi: wote wawili mmesoma nusu

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo kuhusu zile barua mbili mlizotoa, moja ya ndugu aliyesema mtu akitoka kwenye Uislamu hukumu yake ni kuuawa, basi, hakuna mjadala, na nyingine ya dada aliyemjibu kwamba hukumu hiyo haijawahi kuwepo, eti imetungwa juzi juzi tu na watu wa siasa kali. Mi nimesoma fiqhi kiasi huko Kondoa kabla sijahamia hapa Dodoma mjini kufanya biashara, na kwa kweli wote wawili wamesoma nusu, ila kila mtu na nusu yake.

Nianze na dada maana yake ni fupi. Hukumu ipo, tena ya zamani sana. Sisi huku wengi ni Mashafii, moja ya madhehebu manne ya Kisunni, na kitabu kinachosomeshwa ni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, humo anasema murtadi, yaani aliyetoka kwenye Uislamu, awe mwanamume au mwanamke ni wajibu atakiwe kutubu kwanza, akishikilia msimamo wake anauawa, na kauli yenye nguvu kwake ni kwamba toba inatakiwa papo hapo, ile ya kumpa siku 3 ni kauli ya pili. Madhehebu mengine matatu nayo yana hukumu ya kuua, kwa mwanamume aliyebaleghe mwenye akili timamu. Dalili yao kubwa ni hadithi ya Ibn Abbas iliyoko kwa Bukhari, "atakayebadili dini yake muuweni", na kile kisa cha Muadh bin Jabal kule Yemen alipokataa kushuka akae mpaka hukumu hiyo itekelezwe kwa mtu aliyesilimu halafu akarudi kwenye dini yake. Kwa hiyo dada yangu ukisema haijawahi kuwepo, mtu atakufungulia kitabu kimoja tu utakwama.

Sasa ndugu yetu. Huyu nadhani ameangalia klipu ileile inayozunguka kwenye magrupu ya Watsap, kijana mmoja alinionyesha pale barazani baada ya isha, dakika mbili, sheikh anasoma hadithi ya Ibn Abbas halafu video inakatika. Ni kweli hadithi ni sahihi, ila hao wanazuoni wa zamani hawakuishia pale, waliweka masharti. Awe amebaleghe, awe na akili, awe ametamka kwa hiari yake, maana aliyelazimishwa na moyo wake umetulia kwenye imani Qur'ani yenyewe inamtoa kwenye sura ya Nahl aya ya 106. Na wa kuhukumu ni mtawala au naibu wake, sio wewe na mimi, sio vijana wa mtaani, na Mashafii wanasema kabisa mtu akijichukulia sheria mkononi naye anastahili adhabu kwa kumvukia mtawala mipaka. Ndugu yetu hilo hakuliandika hata mstari mmoja, na kwenye gazeti linalosomwa na kila mtu mi naona ni kosa kubwa kuliko la dada.

Ila kilichonifanya nishike kalamu ni kingine. Jamaa wote wawili wameongea kama vile wanazuoni wa kale walikuwa na sauti moja, na mjadala wa kisasa umetoka Ulaya. Sio hivyo. Ufa uko ndani ya fiqhi yenyewe na ukitaka kuuona chukua kesi moja tu, mwanamke aliyeritadi.

Tuseme ni mwanamke Muislamu, mtu mzima, akili timamu, ametamka mbele ya kadhi kwamba ameacha Uislamu na harudi. Kwa Mashafii, Mamaliki na Mahanbali kesi yake ni sawa na ya mwanamume. Kwa Mahanafi hauawi. Anafungwa mpaka arudi, na wengine wanataja na viboko, kwa hiyo usidhani walimwachia aende zake, lakini hauawi. Kwa nini? Hapo ndipo penyewe. Mahanafi wanasema Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake vitani kwa sababu sio wapiganaji, basi kama mwanamke kafiri hauawi kwa ukafiri wake, maana yake kinachomuua murtadi sio ule ukafiri, ni vita anavyotarajiwa kuviingiza dhidi ya Waislamu, na mwanamke kwa zama zile hakuhesabiwa mpiganaji. Imam Sarakhsi, ambaye ni Hanafi mkubwa wa karne ya 11, ameliandika hili kwenye Mabsut waziwazi, kwamba kubadili dini na kukufuru ni katika makosa makubwa kabisa lakini hilo ni baina ya mja na Mola wake na malipo yake yamecheleweshwa mpaka Akhera, zile adhabu zinazoharakishwa hapa duniani zimewekwa kwa maslahi ya watu, na hii ya murtadi imewekwa kuzuia shari ya vita.

Soma tena hapo. Huyo sio msomi wa leo anayetaka kuwafurahisha wazungu, ni mtu wa karibu miaka 1,000 iliyopita, na yeye mwenyewe alikuwa anaitetea adhabu ya kuuawa kwa mwanamume.

Mashafii wanamjibu na jibu lao sio dogo, wanasema hadithi imesema "atakayebadili", inaingia mwanamume na mwanamke, na katazo la kuua wanawake ni la vitani kwa yule ambaye asili yake ni kafiri, sio aliyesilimu halafu akatoka. Sasa msomaji amua mwenyewe, ila tayari umeona swali ni moja tu, sababu ya hukumu ni nini, ni kuacha imani au ni uadui wa kivita?

Wanazuoni wa karne ya 20 wengi wao wamepitia mlango huohuo. Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar kuanzia 1958 mpaka 1963, alisema ukafiri peke yake hauhalalishi damu ya mtu, kinachohalalisha ni kuwapiga vita Waislamu na kutaka kuwatoa kwenye dini yao. Akaongeza hoja ya pili, kwamba wengi wanaona adhabu za hudud, zile zilizopangwa kabisa na dini, hazithibiti kwa hadithi ya ahadi, yaani iliyopokewa kwa njia chache. Mi hii ya pili hainiingii sana, kwa sababu ukiishika sawasawa utabomoa na vitu vingine vingi ambavyo tumevijenga juu ya hadithi za namna hiyo. Ile ya kwanza ndio yenye uzito. Naye Taha Jabir al-Alwani, Mwiraki aliyesoma Azhar, aliandika kitabu kizima akisema Qur'ani inamtaja anayeritadi mara kadhaa na kila mara adhabu inayotajwa ni ya Akhera. Ukienda Nisaa aya ya 137 wametajwa walioamini wakakufuru, wakaamini tena wakakufuru, na ingekuwa wanauawa mara ya kwanza hiyo ya pili ingetoka wapi. Wanaotetea hukumu ya kale wanajibu kwamba pengine hao walikuwa wanafiki, au walitubu katikati. Sawa. Yusuf al-Qaradawi alikaa katikati, akatofautisha anayeritadi kimya kimya na anayeritadi huku anaita watu na kuchochea, huyu wa pili akambakishia hukumu ya kale. Na Morocco baraza lao kuu la maulamaa lilitoa kauli ya kuuawa, halafu mwaka 2017 likasema makusudio ya hukumu ile ilikuwa ni uhaini wa kisiasa.

Na kuna riwaya moja ya khalifa Umar ambayo kwenye klipu hutaikuta. Baada ya vita vya Tustar alimuuliza Anas habari za watu 6 wa Bakr bin Wail walioritadi wakajiunga na washirikina. Anas akamwambia wameuawa vitani, halafu akamuuliza, kwani walikuwa na njia nyingine isipokuwa kuuawa? Umar akasema ndiyo, ningewaambia warudi kwenye Uislamu, wakikataa ningewaweka jela. Hao walikuwa wamekwenda upande wa adui kabisa. Na Ibrahim Nakhai, katika tabiina, kizazi kilichowafuata masahaba, imepokewa kwake kwamba murtadi anatakiwa kutubu daima, na Sufyan Thauri akaichukua kauli hiyo. Wengi waliobaki walizifasiri riwaya hizi kwa namna nyingine, ila zipo.

Haya, hapa kwetu. Katiba ya nchi ibara ya 19 inampa mtu uhuru wa dini pamoja na uhuru wa kuibadilisha, na hakuna kadhi mwenye mamlaka ya kuua mtu, kwa hiyo ule ubishi wa barazani mtu auawe au asiuawe hapa Dodoma haumgusi mtu yeyote anayeishi. Kinachowagusa watu ni ndoa na urithi na ndicho hamkukiandika wote wawili.

Kwenye ndoa, Nawawi anasema mmoja akiritadi kabla ya wawili kukutana kimwili nikaha inavunjika palepale, akiritadi baada ya hapo inasimamishwa, hawakaribiani, na akirudi ndani ya eda ndoa inaendelea bila nikaha mpya, asiporudi inahesabika imevunjika tangu siku ile ya kuritadi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imekitaja kitu hiki, kifungu cha 107, kwamba kubadili dini kwa mmoja wakati wote walifunga ndoa wakiwa dini moja, na dini hiyo inasema hilo linavunja ndoa, ni ushahidi unaoweza kupelekwa mahakamani kwamba ndoa imevunjika. Ni ushahidi tu, sio talaka yenyewe, na hapa nimeona watu wakifukuzana nyumbani siku hiyohiyo bila kusubiri eda wala mahakama.

Urithi ndio mgumu zaidi. Mzee mmoja wa kule kwetu kijana wake aliingia Ukristo, na mzee alikuwa anaumwa, ana ekari 9 za alizeti. Akaja kuuliza je, huyu mtoto nimwache mikono mitupu? Hadithi ya Usama bin Zaid iko wazi, asiye Muislamu harithi kwa Muislamu, hapo hakuna ujanja. Watoto wengine wakashangilia, wakadhani imeisha. Lakini fungua kitabu kilekile cha Minhaj, mlango wa wasia, Nawawi anasema wasia unasihi kwa dhimmi, yaani asiye Muislamu anayeishi chini ya ulinzi wa dola ya Kiislamu, na vilevile kwa murtadi katika kauli iliyo sahihi zaidi. Kitabu kilekile, mtu yuleyule. Na kwa kuwa huyo kijana sio mrithi, lile katazo la kumuusia mrithi halimhusu. Kwa hiyo kama mzee hana deni, theluthi yake ni ekari 3 na anaweza kumuandikia zote, zile 6 zinagawanywa kwa warithi kama kawaida. Akitaka kumpa zaidi ya theluthi, warithi lazima waridhie, na ridhaa yao inahesabiwa baada ya yeye kufa sio kabla, hata waseme ndiyo leo wakiwa wamemzunguka kitandani. Sasa wasia wa namna hii msiuandike kwenye karatasi ya daftari ukafichwa sandukuni, uandikwe mbele ya mashahidi na ndugu wausikie mzee akiwa bado anaongea, maana huko ndiko kesi nyingi zinakoanzia.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma