YAH: Malalamiko kuhusu jibu potofu la duaradufu na jinsi nilivyodhalilishwa kauntani kwenu

Ndugu Meneja wa Uhariri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Taratibu zenu kuhusu vitabu vyenye makosa mnazijua kuliko mimi, hivyo sitazirudia. Ninalalamikia mfano uliofanywa katika kitabu chenu cha mazoezi ya Hisabati ya Juu, unaotaka kitovu, fokasi na urefu wa mihimili ya duaradufu hii:

9x² + 4y² − 36x + 8y + 4 = 0

Hatua ya kwanza sina ugomvi nayo. Vizigeu vimetolewa nje ya mabano, ikapatikana:

9(x² − 4x) + 4(y² + 2y) = −4

Balaa linaanzia hapo. Ili kukamilisha mraba katika mabano ya kwanza tunachukua nusu ya −4 na kuizidisha kwa yenyewe, tunapata 4. Mabano ya pili yanahitaji 1. Mwandishi wenu ameongeza 4 na 1 upande wa kulia, akasahau kwamba ile 4 imekaa ndani ya mabano yanayozidishwa kwa 9, na ile 1 ndani ya yale yanayozidishwa kwa 4. Kilichoongezwa kushoto kwa kweli ni 36 na 4, na ndicho kilichostahili kuongezwa kulia. Palipopaswa kuwa 36 mmechapisha 1.

Niliyaeleza haya kwa upole katika kaunta yenu, nikiwa na wanafunzi wangu wawili wa Kidato cha Sita. Ofisa wenu hakunisikiliza hadi mwisho. Alichukua kalamu nyekundu, akaikata karatasi yangu mbele ya watoto hao, akasema: “Mwalimu, 9 ni kubwa kuliko 4, kwa hiyo mhimili mkubwa ni wa x. Hata hilo hujui?” Wateja waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Hata kitabu chenu chenyewe hakisemi hivyo! Ukigawanya kila kitu kwa 36 unapata:

(x − 2)²/4 + (y + 1)²/9 = 1

Namba kubwa inakuwa chini ya y, hivyo mhimili mkubwa umesimama wima. Kitovu ni (2, −1), mhimili mkubwa una urefu wa 6 na mdogo 4. Kwa kuwa 9 − 4 = 5, fokasi ziko juu na chini ya kitovu kwa umbali wa √5, yaani (2, −1 + √5) na (2, −1 − √5). Kitabu chenu kinatoa mihimili ya urefu wa 1 na 2/3.

Nilivinunua vitabu hivyo, nakala 42, mwanzoni mwa muhula, na nakiri kwamba kosa lilinipita kwa wiki kadhaa. Sababu ni kwamba kosa lenyewe ni la hila: kitovu hakiguswi nalo, na mihimili yote miwili imepungua mara sita kwa pamoja, hivyo mchoro usio na vipimo unafanana kabisa na ule sahihi. Aliyeligundua ni mwanafunzi, ambaye aliweka ncha ya juu ya duaradufu yenu, (2, −1/2), katika mlinganyo wa awali akapata −35 badala ya 0. Ncha yangu, (2, 2), inatoa 0. Jaribio hilo halichukui hata dakika moja, lakini mhariri wenu hakulifanya.

Ndiyo maana kalamu ile nyekundu bado inaniuma. Karatasi aliyoikata ilikuwa na jaribio hilo hilo, na chini yake nilikuwa nimeonyesha kwamba nukta (4, −1) iko umbali wa 3 kutoka kila fokasi, jumla 6, sawasawa na urefu wa mhimili mkubwa. Hakuusoma mstari hata mmoja. Alikata, akauliza kama hata hilo silijui, watu wakacheka, na mmoja wa wanafunzi wangu akainamisha kichwa kwa aibu yangu.

Nilipokuja siku ile nilitaka karatasi ya masahihisho tu. Sasa ninataka masahihisho hayo yatumwe kwa kila shule iliyonunua kitabu hicho, fedha zangu za nakala zote 42 zirudishwe, na ofisa huyo aniombe radhi kwa maandishi, radhi itakayosomwa mbele ya wanafunzi wale wawili. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitaipeleka barua hii, pamoja na karatasi yenye wino mwekundu, kwa Taasisi ya Elimu Tanzania na kwa Tume ya Ushindani, na sitakubali tena kurudishiwa fedha peke yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Hisabati, Kidato cha Sita
Morogoro