Shukrani za tuzo ya jana

Ndugu zangu wa kikundi, salaam. Jana jina langu liliposomwa nilikuwa nyuma kabisa nahesabu viti vya kurudisha, nikadhani naitwa nikasogeze gari. Kule mbele nikababaika. Nilichotaka kusema ni hiki.

Asanteni sana. Waliopendekezwa pamoja nami walistahili, na mkono wangu mwenyewe niliunyoosha kwa ajili ya mwingine. Tuzo ina jina moja, lakini mtaro wetu wa Kigogo hauzibuliwi na mtu mmoja. Kuchota tope si kazi. Kazi ni kuliondoa. Likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza ya masika inalirudisha lote mtaroni, na maji yanaingia majumbani badala ya kwenda Msimbazi. Vijana wa mikokoteni ndio waliolihamisha siku ileile, bila malipo. Na mama lishe wetu, chai na maandazi kila Jumamosi, deni hajalidai hata mara moja (nalijua mama, nalileta).

Ngao nimeipeleka ofisi ya serikali ya mtaa ikae huko. Bahasha iliyoambatana nayo anayo mtunza hazina. Naomba tununue makoleo na gambuti, zile za zamani zinavuja. Jumamosi saa moja asubuhi, tunaanzia darajani.