Ule mti usiutume

Mama Doreen mpenzi,

Shikamoo za watoto zimepokelewa, na sisi huku Dar hatujambo ila joto. Nakuandikia haraka kabla hujaenda stendi, maana ujumbe wako wa sauti umenishtua: mti wa Krismasi wa futi tano, kwenye basi, hadi Magomeni kwa mama! Ule mti usiutume. Kaa nao huko huko, Doreen na wadogo zake wataufurahia.

Nisikilize kwanza. Mama anatembea na fremu. Ile fremu ina upana wa kama sentimita 60, na ili aigeuze bila kugonga kitu anahitaji njia ya sentimita 90 hivi kutoka kwenye kochi lake hadi mlango wa korido. Njia hiyo anaipita usiku kwenda chooni, akiwa na usingizi. Miguu ya mti wako inatanuka chini, na yeye anatazama mbele, hatazami sakafuni. Halafu kuna waya wa taa. Soketi pekee ya sebuleni iko nyuma ya televisheni, kwa hiyo ekstensheni lazima ikatize chumba, utake usitake. Na usiniambie tutaifunika na mkeka. Mkeka juu ya vigae ni balaa kuliko waya wenyewe, kwani mguu wa fremu unaushika kwenye ukingo, mkeka unateleza, na mama anakwenda nao.

Kaka Mudi naye alishauri tukate tawi la mvinje kama zamani, liwekwe kwenye ndoo ya mchanga. Linapendeza, sikatai. Lakini kwa joto hili baada ya siku tatu nne linaanza kupukutisha vile vijani vyembamba kama sindano, na kwenye vigae vinateleza. Nani atainama kufagia? Mama hainami. Akijaribu kuinama ndipo tutakapotafutana.

Sasa nikwambie tufanye nini. Vitu vitatu tu: pango lake la Krismasi, kamba moja ya taa za betri, na fundo la utepe mlangoni. Basi.

Ukitaka kupamba kwa mtu kama mama, usianze na ukuta wala dukani. Kaa kwenye kochi lake, mahali pale pale anaposhinda, utazame anachokiona. Kutoka pale mama anaona televisheni, kabati la vyombo upande wa kulia, na dirisha kwa mbali begani. Mwanzo nilifikiri dirisha, kwa kuwa zile nondo ni rahisi kufungia kitu. Nikakumbuka kwamba saa kumi na mbili jioni anavuta pazia kwa ajili ya mbu. Taa zingewaka nyuma ya pazia, zikawafurahisha wapita njia, yeye asizione. Dirisha tukaliacha.

Kabati ndilo lenyewe. Juu yake panamfika kifuani akiwa amesimama na fremu, na akiketi panamkaa sawasawa na macho. Hicho ndicho kimo unachokitaka: kati ya kiuno na bega. Kitu kilicho juu ya bega kitamfanya anyooshe mkono na kuachia fremu, na kilicho chini ya goti atakiinamia. Meza ya kahawa usiiguse kabisa. Pale anaweka dawa, miwani na rimoti, na akiinuka anashika ukingo wake. Ukitandika kitambaa chenye ncha zinazoning'inia, siku atakayojishikilia atavuta kitambaa na vyote vilivyo juu yake. Kile kitambaa chekundu ulichosema umemshonea kikunjwe, kitandikwe juu ya kabati chini ya pango, kiishie vidole viwili kabla ya ukingo.

Pango lake unalijua, lile la mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Limefungwa magazeti ndani ya boksi juu ya kabati la nguo, ambako hawezi kulifikia, ndiyo maana miaka hii miwili halijatoka. Kevi atalishusha. Uzuri wa mpingo ni uzito wake: pangaboi likizungushwa mwendo wa mwisho, Yosefu hatikisiki. Malaika wa karatasi na vile vya kumetameta vingekuwa vinaruka chumba kizima, na siku ya tatu ungevikuta chini ya kochi.

Taa ndizo zinazohitaji akili, kwa hiyo nivumilie. Tafuta kamba ya taa 20 za waya mwembamba wa shaba, urefu wa mita mbili, inayotumia betri tatu za AA. Kariakoo zimejaa. Zisiwe zile za betri bapa kama kifungo. Wajukuu wanakuja siku ya sikukuu, na mtoto akimeza betri ya kifungo inamchoma koo ndani ya saa chache. Kabla hujalipa, shika kile kiboksi cha betri mkononi. Angalia swichi: iwe ya kusukuma kwa kidole gumba, isiwe kitufe kidogo kilichozama, maana vidole vya mama vimekakamaa. Na iwe na sehemu tatu, yaani kuwaka, kuzima, na saa. Ile ya saa, aghalabu imeandikwa TIMER, ndiyo unayoitaka. Ukiisukuma saa kumi na mbili na nusu jioni, zitawaka kwa muda wa saa sita, zizime zenyewe saa sita na nusu usiku, na kesho yake zitawaka tena muda ule ule bila mtu kuzigusa.

Hapo kuna mtego mmoja. Mama ni mtu wa kuzima kila kitu kabla ya kulala, umeme wa LUKU umemfundisha. Akizima swichi saa nne usiku, ile hesabu inafutika, na kesho jioni hazitawaka. Atasema zimekufa. Kwa hiyo umpigie simu wewe mwenyewe umwambie ziachwe, hazili umeme wa nyumba. Mimi nikimwambia ataitikia tu kisha atazima. Na ikitokea amezima, dawa si kufungua kiboksi, ni kusukuma tena kwenye TIMER jioni inayofuata, saa ile anayotaka ziwake. Hilo analiweza mwenyewe kwa kidole kimoja.

Kiboksi kisifichwe nyuma ya kabati. Kikae mbele, upande wa kulia, kimebandikwa kwa kipande cha velkro cha ukubwa wa stempu mbili ili kisikimbie anapokisukuma. Juu ya mbao iliyopigwa vanishi velkro inashika vizuri ukiifuta kwanza kwa spiriti na kuiacha ikauke. Ukutani usithubutu. Ukuta ule ni wa chokaa, na kwa unyevunyevu wa Desemba gundi ya aina yoyote inaanguka na ngozi ya ukuta. Waya wenyewe haubandikwi mahali popote. Unaulaza nyuma ya zile sanamu, ukipinda kama nyoka, na taa tatu nne unazisukumia ndani ya kibanda cha pango. Unakaa wenyewe kwa sababu ni wa shaba, unapoukunja ndipo unapobaki.

Betri nunua sita za alkalaini. Tatu za kuanzia tarehe 15, tatu za kubadilisha asubuhi ya mkesha, tarehe 24. Ukiacha zile za mwanzo zifike Mwaka Mpya, mwanga utafifia taratibu, na mama atadhani ni macho yake. Zote tatu zitolewe kwa pamoja. Ukichanganya mpya na iliyochoka, ile iliyochoka inavuja na kuoza kiboksi. Kifuniko kikiwa na skurubu, Kevi aje na bisibisi ndogo ya nyota, mama asihangaike na kisu cha jikoni. Mishumaa sitaki hata kuisikia, najua utauliza. Pazia, pangaboi, na mtu asiyeweza kukimbia... tuache hapo.

Umeme ukikatika, taa za betri zitaendelea kuwaka na chumba hakitakuwa giza tupu. Lakini si mwanga wa kutembelea. Tochi yake ibaki pale pale kwenye mfuko wa fremu.

Mlangoni sasa. Ulisema shada la duara kama kwenye picha. Mama Doreen! Shada la maua kwenye mlango wa mama mzee anayeishi peke yake, hapo Magomeni? Kabla ya saa tano majirani watakuwa wamejaa barazani wanauliza msiba wa nani. Tunafunga fundo la utepe mwekundu, upana wa vidole vitatu, urefu wa mita moja na nusu, kwenye nondo ya mlango wa geti, usawa wa bega, upande wa bawaba. Usiwe upande wa komeo, kwani ncha zinaingia kwenye kufuli na yeye anafungua kwa mkono mmoja. Kevi alifunge nyumbani kwetu kabisa, nyuma akilipitishia kile kiwaya cha kufungia mfuko wa mkate. Akifika ni kuzungusha mara mbili tu. Mama mwenyewe anaweza kulitoa siku akichoka nalo.

Kazi nzima haizidi nusu saa, nyingi ikiwa ya kufungua magazeti. Jambo moja nimemwachia mama kwa makusudi: Mtoto Yesu. Unakumbuka haingii pangoni hadi usiku wa tarehe 24. Tutamweka ndani ya kikombe, juu ya kabati hapo hapo, mkono wa kulia. Atamtoa mwenyewe.

Kushusha ni baada ya Epifania, Kevi tena. Betri zitolewe kwanza, kisha waya uzungushwe kwenye kipande cha boksi, vinginevyo mwakani utakuwa fundo lisilofunguka. Na safari hii pango lisirudi juu ya kabati la nguo. Liende droo ya katikati ya kabati la vyombo, ile yenye vitambaa ambavyo hakuna avitumiaye.

Kuhusu lile jambo la dada yako na fundi wa bafu, tutaongea kwa simu, hapa sitaandika.

Sasa nijibu upesi. Kitambaa chekundu kina urefu gani? Kabati ni sentimita 120, kama ni kirefu nikikunje au umepanga kukikata? Yule mwanakondoo aliyevunjika sikio bado yupo kwenye boksi au alibaki kwako? Mama ana mazoea ya kulala saa ngapi siku hizi, tusogeze taa ziwake mapema zaidi? Utampigia lini kuhusu ile swichi? Na wewe mwenyewe, mkesha utakuwa huku au ndiyo tena kazi?

Nisalimie baba Doreen.

Wako,
Mama Kevi