Kwa nini tunaomba swabu ya pili ilhali mashine imeshasema “ndiyo”

Mama mmoja alitupigia simu hapa maabara akiwa amekasirika. Kliniki iliyomchukua mwanawe swabu ya kifaduro ilikuwa imemwambia kwamba sampuli ina tatizo na sisi tunataka nyingine. “Mashine imeona ugonjwa au haijaona? Kama imeona, niambieni nimtibu mtoto. Kama haijaona, nirudishieni hela yangu.” Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Lalamiko hili linaturudia karibu kila mwezi, kwa wazazi na kwa wenye kliniki, na wengine hutuambia waziwazi kuwa swabu ya pili ni mbinu yetu ya kutoza mara mbili. Kwa hiyo naeleza hapa kilichotokea siku ile, tyubu kwa tyubu.

Kliniki ilileta sampuli 12 katika raki moja. Tulizichakata kama kawaida, tukatoa vinasaba, tukaweka kwenye mashine ya PCR, mizunguko 40. Tyubu namba 4 iliwaka mapema sana, Ct 17. Namba 5 ikaja kwenye 31, namba 6 kwenye 34, namba 7 kwenye 37. Nyingine zote kimya. Kwa asiyezoea, hao ni wagonjwa wanne. Kwetu sisi, namba zinazopanda ngazi kwa ngazi kwa kufuata mpangilio wa raki ni jambo la kusimamisha kazi. Ugonjwa haujui nani amepangwa baada ya nani.

Ct ni mzunguko ambao mashine inaanza kuona mwanga. Katika kila mzunguko PCR huongeza maradufu kipande cha vinasaba inachokitafuta: kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne. Ndiyo maana Ct ndogo ina maana vimelea vilikuwa vingi tangu mwanzo, na tofauti ya mizunguko mitatu ni tofauti ya mara nane. Kati ya namba 4 na namba 7 kuna mizunguko 20. Zidisha mbili kwa mbili mara ishirini, utapata zaidi kidogo ya milioni moja. Yaani kilichokuwa ndani ya namba 7 ni sehemu moja ya milioni ya kilichokuwa ndani ya namba 4.

Sasa fikiria tyubu ina mililita moja ya maji ya sampuli. Sehemu moja ya milioni ya mililita ni nanolita moja. Tone moja la kawaida linalodondoka kwenye kidondoshi lina kama nanolita 50,000. Kwa hiyo, ili namba 7 isomeke kama mgonjwa, inatosha kiasi ambacho hakuna jicho litakalokiona kwenye ncha ya pipeti, kwenye kidole cha glovu, au chini ya kifuniko. Watu wakisikia neno “uchafuzi” wanafikiria uchafu. Meza ile inaweza kuwa inang’aa.

Lililofuata lilikuwa kujua uchafuzi umeingilia wapi, na hatukuanza kwa kumlaumu mteja. Katika kila kundi la sampuli tunaweka tyubu isiyo na sampuli kabisa ambayo inapita hatua zote za utoaji wa vinasaba pamoja na nyingine, na nyingine ya maji safi tu inayoingia kwenye hatua ya PCR, ile inayoandikwa NTC kwenye skrini. Zote mbili zilikuwa kimya. Tukarudi kwenye tyubu zilezile zilizoletwa, tukatoa vinasaba upya siku nyingine, safari hii tukizipanga kinyumenyume na mbali na namba 4. Majibu yakawa yaleyale kwa tofauti isiyofika mzunguko mmoja. Maana yake ni kwamba vinasaba vile vilikuwa tayari ndani ya tyubu kabla hazijavuka mlango wetu.

Nikampigia muuguzi aliyefungasha. Ni mtu makini, na alijibu bila kuficha. Walitaka kubaki na nusu ya kila sampuli, wasije wakalazimika kumwita mgonjwa tena kama yetu ikipotea. Wakafungua vifuniko vyote 12 kwa pamoja, wakawa wanahamisha kwa pipeti moja, na kwa kuwa ncha zilikuwa zinakaribia kuisha, waliisuuza ncha ileile kwenye kikombe cha maji kati ya tyubu na tyubu. Ngazi za mara nane zikaeleweka hapo hapo: kila suuzo lilipunguza, hakuna lililomaliza. Na kwa vile ncha ilizama kwenye tyubu mama, nusu waliyobaki nayo ilikuwa imechafuka sawasawa na yetu. Akiba yao haikuwa akiba tena.

Hili ndilo naomba wateja wetu wa kliniki walielewe kabla ya lingine lolote. Kugawa sampuli mezani kwenu kunaonekana kuokoa swabu ya pili, lakini ndiko kunakoleta swabu ya pili. Tuleteeni tyubu mama ikiwa haijafunguliwa tangu swabu ilipozama. Kama lazima mbaki na sehemu, tutawagawia sisi, ndani ya kabati la usalama, tyubu moja wazi kwa wakati mmoja, ncha mpya yenye kichujio kila mara. Hatutozi kwa hilo.

Watoto watatu wa namba 5, 6 na 7 walichukuliwa swabu mpya, na zote zikatoka hasi. Wawili walikuwa hawajaanza dawa, kwa hiyo tuliandika hasi bila wasiwasi. Wa tatu, mtoto wa yule mama, alikuwa ameshakunywa antibiotiki siku tatu, na antibiotiki huweza kushusha vimelea mpaka visionekane. Kwake tuliandika kwamba jibu la kwanza halikuthibitika, tukazungumza na daktari wake kuhusu dalili na siku ambazo kikohozi kilikuwa kimedumu. Nisingeandika zaidi ya pale hata kama mama angefurahi zaidi.

Kifaduro kina ugumu wake katika hili. Kipande kinachotafutwa na vipimo vingi, IS481, kimejirudia zaidi ya mara 50 ndani ya bakteria mmoja, kwa hiyo hata mabaki ya chini ya bakteria mzima yanaweza kuwasha mashine. Mwaka 2006, katika hospitali moja ya New Hampshire, Marekani, zaidi ya watu 130 waliambiwa wana kifaduro kwa jibu la PCR, na wafanyakazi karibu 1,000 wakaondolewa kazini kwa muda. Walipojaribu kuotesha bakteria kwenye sampuli, hakuna aliyeota. Baadaye watafiti wa nchi hiyo waligundua jambo jingine ambalo tunawaambia kliniki zote tunazofanya nazo kazi: baadhi ya chanjo za kifaduro, ingawa hazina bakteria hai, zina vinasaba vyake. Mtu akichanja, akagusa meza, kisha akachukua swabu kwa mikono ileile, anaweza kumpa mgonjwa kifaduro cha karatasi. Chumba cha chanjo kisiwe chumba cha swabu.

Na sisi tumewahi kuchafua, tena vibaya zaidi. Miaka ya mwanzo tulikuwa na kijana mwenye bidii aliyefungua tyubu za virusi vya mafua baada ya PCR kumalizika, kwenye meza iliyokuwa karibu na ya kuandaa vitendanishi, yaani kemikali za kipimo. Alitaka kuhakiki jibu kwenye jeli inayotenganisha vipande vya vinasaba kwa ukubwa. Tyubu iliyomaliza mizunguko 40 ni kitu kingine kabisa: ndani yake mna nakala mabilioni kwa mabilioni za kipande kilekile, na ukifungua kifuniko unarusha ukungu wake hewani. Wiki iliyofuata maji yetu safi yalianza kusoma 33. Kisha 32. Tulipima sampuli zilezile kwa kutafuta sehemu nyingine ya virusi, nazo zikawa kimya, na hapo tukajua tatizo: virusi halisi vina sehemu zote mbili, lakini nakala za PCR ni kipande kimoja tu.

Tulifunga kazi siku tisa, tukatupa kila kitendanishi kilichokuwa kimefunguliwa, tukasugua kwa klorini. Spiriti haikusaidia, kwa sababu inaua vimelea lakini vinasaba inaviacha palepale. Tangu hapo tyubu iliyopita kwenye mashine haifunguliwi katika jengo hili, kwa sababu yoyote ile. Kuna mteja aliwahi kutuomba tumfungulie “aone” jibu lake, akaondoka akiona tunaficha kitu. Chumba cha kuandaa vitendanishi, cha kutoa vinasaba na cha mashine vimetengana, makoti hayahamishwi, na aliyeingia chumba cha mashine asubuhi harudi cha vitendanishi siku hiyo. Pia tunatumia vitendanishi vinavyofanya kila nakala ya PCR iwe na herufi U mahali pa T, herufi ya kawaida ya vinasaba, pamoja na kimeng’enya kinachokatakata nakala zozote za zamani zenye U kabla mzunguko wa kwanza haujaanza. Kimeng’enya hicho, hata hivyo, hakigusi vinasaba vya mgonjwa mwingine vilivyoingia kwenye ncha. Kingekuwepo au kisingekuwepo, namba 7 ingesoma 37.

Hapo ndipo bei yetu ilipo. Anayeleta sampuli moja huona analipia sampuli moja. Sisi tunaendesha nne: yake, tyubu tupu iliyopita njia yote, maji safi, na ile yenye kimelea tunachokijua ili kuthibitisha kuwa kipimo kinafanya kazi. Maabara inayotoza nusu yetu inaweza kuwa imepata vitendanishi kwa nafuu, sijui. Waulizeni tu maji yao safi yalisoma nini siku hiyo, na waombeni wawaoneshe.

Ct ya 37 si uongo siku zote, na sitaki msomaji aondoke na wazo hilo. Mtu aliye mwanzoni mwa maambukizi, au anayeelekea kupona, anaweza kutoa namba kama hiyo kwa haki kabisa. Ikija peke yake, kwa mtu mwenye dalili, bila jirani mwenye Ct 17, tunaitoa kama ilivyo na maelezo yake. Tunachoomba swabu mpya ni ile inayokuja na mkia nyuma ya sampuli kali.

Swabu hiyo ya pili, kwa taarifa ya wateja wote, upimaji wake hatutozi ikiwa tyubu mama ilitufikia bila kufunguliwa. Ikiwa ilifunguliwa njiani, kliniki iliyoifungua ndiyo inayolipa, si mgonjwa. Yule mama tulimwonesha namba zote 12 kwenye skrini, akazitazama kwa muda, akauliza namba 4 ni ya mtoto gani na kama amepata dawa. Jina sikuweza kumtajia. La dawa nilimjibu: ndiyo, ameshapata.