Chumba cha ndizi kisipozwe kama cha maziwa

Ndugu Mhariri,

Wauzaji wengi wa ndizi hapa Dar es Salaam wanaamini kwamba ndizi haipatani na baridi. Nimewasikia wakisema hivyo Mabibo, pale Mahakama ya Ndizi, na hawasemi ovyo. Baadhi yao walilipia nafasi kwenye chumba cha baridi, wakaingiza ndizi mbichi nzuri, na siku ya kuzitoa wakakuta ganda limekuwa la kijivu. Zikakataa kuiva, zikaishia jalalani. Naomba nafasi nieleze kilichoziharibu, kwa sababu vyumba vya namna hiyo vinazidi kujengwa.

Ndizi iliyokatwa bado inapumua. Inavuta oksijeni, inatumia wanga na sukari iliyomo ndani yake, inatoa kabonidayoksaidi, maji na joto. Ilipokuwa mgombani ililishwa. Sasa inakula akiba tu. Kadiri inavyokaa penye joto ndivyo inavyoimaliza akiba hiyo haraka: kwa kawaida joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, kupumua hupungua kwa nusu au zaidi. Ndiyo maana mzigo unaotoka Tukuyu umebanana chini ya turubai hufika ukiwa moto. Joto linalotolewa na ndizi zenyewe halina pa kutokea, na joto hilo linazidi kuziharakisha.

Pamoja na kupumua kuna ethilini. Hii ni gesi ambayo tunda lenyewe huitengeneza, na ndiyo inayoliamuru liive: wanga ugeuke sukari, nyama ilainike, ukijani wa ganda upotee. Ndizi ikishaanza kuiva hutoa ethilini nyingi zaidi, na gesi hiyo huziamsha za jirani. Kiasi kinachotosha kuziamsha ni kidogo mno, hata sehemu moja katika sehemu milioni kumi za hewa. Kwa hiyo chane moja iliyopasuka njiani na kuanza kuiva inaweza kuliivisha tenga zima kabla ya soko. Bibi zetu waliovundika ndizi shimoni kwa majani na moshi walikuwa wanaitumia gesi hii hii, kwani moshi una ethilini na majani huizuia isitoroke.

Baridi huzuia yote mawili: ndizi hupumua polepole, hutoa ethilini kidogo, na hata ethilini iliyopo huiitikia kwa uvivu. Ikiwekwa kwenye nyuzi 13 hadi 14, kimalindi mbichi iliyokatwa kwa wakati wake hukaa wiki tatu hivi bila kuiva.

Chini ya nyuzi 13 mambo hubadilika. Mgomba ni mmea wa nchi za joto, na chembe za tunda lake huumia kwa baridi kali kabla hata ya kufikia kuganda. Chumba kikiwekwa nyuzi 4, kama cha maziwa au nyama, ndizi huumia, na dalili mara nyingi huonekana baadaye, zikishatolewa na kuanza kuivishwa. Ukitaka kuhakikisha, bandua ganda taratibu kwa kisu. Ukiona mistari ya kahawia chini ya ngozi, ndizi hiyo imepigwa na baridi na hairudi. Ndizi iliyokwisha kuiva ni tofauti kidogo: kwenye friji ganda hugeuka jeusi, lakini ndani inabaki ya kuliwa.

Joto kali nalo lina hasara yake wakati wa kuivisha. Kimalindi ikiivia kwenye nyuzi zaidi ya 24, nyama hulainika huku ganda limebaki na ukijani. Mteja huidhani mbichi, akiibonyeza inabonyea. Ndizi za namna hiyo zimejaa Dar es Salaam miezi ya joto, na wengi hulaumu aina ya ndizi. Zikiivishwa kwenye nyuzi 16 hadi 18, zikapewa ethilini kwa siku moja na kisha chumba kikafunguliwa kupata hewa, hupata njano safi. Kufungua ni lazima, kwa sababu kabonidayoksaidi ikijaa huchelewesha kuiva.

Ombi langu kwa wanaojenga na kuendesha vyumba hivi ni hili. Ndizi mbichi zipewe chumba chao chenye nyuzi 13 hadi 14, na yasiingizwe ndani yake maembe, maparachichi wala ndizi zilizoanza kuiva, maana yote hayo hutoa ethilini. Masanduku yaachiwe nafasi ya hewa kupita. Tena kipimajoto cha ukutani kisiaminiwe peke yake: kichomekwe chenye ncha ndani ya ndizi iliyo katikati ya rundo, kwa kuwa ukuta unaweza kusoma 14 wakati ndizi ya katikati bado iko 25 na inaendelea kuiva. Na mwenye chumba amwandikie mteja mlangoni kiko nyuzi ngapi, kabla ya kupokea fedha yake.

Mtaalamu mstaafu wa mazao ya bustani,
Dar es Salaam