Barua kuhusu shamba la Hombolo

Makole, Dodoma

Rafiki yangu Yohana,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako nimeipata. Unauliza kama jirani anayelima shamba la mzee kule Hombolo tangu 2008 amekwisha kuwa mmiliki kwa sababu tu ya kukaa pale muda mrefu.

Sheria anayoitegemea ipo. Sheria ya Ukomo ya 1971 humpa mtu aliyepokonywa ardhi miaka 12 ya kuidai mahakamani. Ikipita naye amenyamaza, madai yake hufa, na aliyemo ndani anaweza kuomba atambuliwe kuwa mwenye ardhi. Lakini miaka peke yake haitoshi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, ikiamua rufaa namba 193 ya 2016 kati ya masista wa Roho Mtakatifu na watu 137, ilieleza kwamba anayedai kwa njia hii lazima athibitishe, pamoja na mambo mengine, kuwa mwenye ardhi aliitelekeza, kuwa yeye aliingia waziwazi bila ridhaa ya mwenyewe, na kuwa alikaa miaka 12 mfululizo kwa nia ya kuimiliki.

Sasa litazame shamba lenu. Umeandika kwamba mzee alimwonyesha mipaka mbele ya balozi, akamruhusu alime uwele, na kila mavuno jirani alileta debe moja nyumbani kwenu. Debe hilo, Yohana, ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani, kwa maana linaonyesha kwamba alikubali kuwa shamba si lake. Mahakama zetu zimerudia mara nyingi kwamba mwalikwa hawezi kumpokonya mwenyeji wake ardhi, hata akikaa miaka mingapi. Mizabibu aliyopanda baadaye haibadilishi namna alivyoingia, ingawa yaweza kuzua mabishano ya fidia.

Nimeona pia kwamba siku nyingine anadai mzee alimuuzia. Akisimama na dai hilo, la miaka 12 linamponyoka, kwa sababu aliyenunua anadai kuingia kwa ridhaa ya mwenye mali. Mwache aandike yote mawili kwenye majibu yake (wadaiwa wengi hufanya hivyo), kisha uyaonyeshe Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kinachonitia wasiwasi ni kimoja. Mzee alifariki 2015, na kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa akiimiliki hadi kufa, muda huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku msimamizi wa mirathi alipoteuliwa. Wakili wa jirani ataishika hoja hiyo, atadai ruhusa ilikufa pamoja na mzee. Kwa hiyo usingoje barua za usimamizi zikamilike ndipo uanze kumtafuta yule balozi. Mwone wiki hii, aandike na kusaini alichokishuhudia akiwa bado na kumbukumbu nzuri.

Wako,
Elia