Malalamiko kuhusu vyeti vya usalama visivyoaminika vinavyotokea kwenye mtandao wenu peke yake

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MTANDAO WENU KUFUNGUA MAWASILIANO YETU YALIYOFUNGWA KWA SIRI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja wenu wa intaneti ya jengo hapa Kirumba. Kazi yetu ni kuwaandalia nyaraka wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni na wasafirishaji wa minofu ya sangara: ankara, maombi ya vibali, ritani za kodi, na barua pepe za wanunuzi walioko nje ya nchi. Karibu kila tunachofanya kinapita kwenye kivinjari, na karibu kila ukurasa tunaoufungua unadai nywila ya mteja fulani aliyetuamini.

Tangu mafundi wenu wabadilishe kifaa cha mtandao kwenye chumba cha chini cha jengo, kompyuta zetu zinatuonya kwamba muunganisho si salama. Barua pepe haifunguki, mifumo ya maombi ya vibali haifunguki, hata Wikipedia haifunguki. Onyo linasomeka `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID`, yaani aliyetoa cheti cha tovuti haaminiki. Tukizima waifai yenu na kuunganisha kompyuta ileile kwenye data za simu, kila kitu kinafunguka papo hapo bila onyo lolote.

Nilipopiga simu, kijana wenu alinijibu kwa adabu kwamba hilo ni suala la ukurasa wa vocha, kwamba wateja wote hukutana nalo, na kwamba nikishaingiza vocha litaisha. Naandika barua hii kwa sababu jibu hilo si sahihi. Ninaeleza kwa kirefu ili fundi atakayeisoma asilirudie.

Ukurasa wa vocha tunaujua vizuri. Kila asubuhi, kabla hatujaingiza namba, lango lenu hudaka maombi yetu na kuyageuzia kwake. Ukurasa usio na ulinzi hugeuzwa bila shida. Ukurasa wa `https` haugeuziki kimyakimya, kwa sababu kivinjari kinataka kwanza kuona cheti chenye jina la tovuti iliyoombwa. Lango linaonyesha cheti chake lenyewe, na kivinjari kinakataa kwa onyo la `NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID`, yaani jina halilingani. Ukikifungua cheti hicho unaliona jina la lango lenu, na ni lilelile kwa kila tovuti utakayojaribu. Tunaingiza vocha, onyo linatoweka. Kwa hilo hatulalamiki, ingawa tangu mwaka 2020 kuna utaratibu wa wazi, RFC 8910, unaoliwezesha lango kuijulisha kompyuta anwani ya ukurasa wa kuingilia wakati inapopewa anwani ya mtandao, bila kudaka chochote.

Tatizo tunalolilalamikia linakuja baada ya vocha kukubaliwa. Ili tuwe na uhakika kwamba lango limekwisha kutufungulia, tulifungua ukurasa ambao Firefox hutumia kupima jambo hilohilo:

```
http://detectportal.firefox.com/success.txt
```

Anwani hii haina ulinzi kwa makusudi. Kama lango bado limefunga, utaona ukurasa wa vocha. Kama limefungua, utaona neno moja tu, `success`. Sisi tuliona `success`. Dakika hiyohiyo tulijaribu Wikipedia, onyo likarudi. Kwa hiyo vocha haihusiki.

Kisha tukakiangalia cheti chenyewe. Fundi wenu yeyote anaweza kurudia kipimo hiki kutoka kwenye kompyuta iliyounganishwa kwenye waifai ya jengo:

```
openssl s_client -connect www.wikipedia.org:443 \
  -servername www.wikipedia.org </dev/null \
  | openssl x509 -noout -subject -issuer -dates
```

Kwenye data za simu, mstari wa `issuer` unaonyesha mtoa vyeti anayetambuliwa na vivinjari vyote. Kwenye mtandao wenu, mstari wa `subject` ni sahihi kabisa, una jina la Wikipedia, lakini mstari wa `issuer` unasema hivi:

```
issuer=CN = SSL-Inspection-CA
```

Tulirudia kwa tovuti ya barua pepe. Jina la tovuti likabadilika, mtoa cheti akabaki yuleyule. Hapa ndipo tofauti ilipo, na naomba isomwe kwa makini. Lango la vocha lina cheti kimoja chenye jina lake na hukionyesha kwa kila ombi. Kifaa chenu kipya kinatengeneza cheti kipya kwa kila tovuti, kikiandika humo jina la tovuti hiyo, kisha kinakitia sahihi chenyewe. Hiyo ni kazi ya proksi inayofungua mawasiliano: inakaa katikati, inajifanya tovuti mbele yetu na inajifanya sisi mbele ya tovuti. Kinachopita hapo, nywila zikiwamo, kinakuwa wazi ndani yake kabla ya kufungwa tena na kupelekwa mbele.

Tulihakikisha kosa haliko upande wetu. Saa na tarehe za kompyuta ziko sawa. Kuna programu za kuzuia virusi zinazotengeneza vyeti vya namna hii ndani ya kompyuta yenyewe, lakini programu kama hiyo ingetusumbua kwenye kila mtandao, na isingeweza kuleta onyo lilelile kwenye simu ya karani wangu na kwenye kompyuta ya fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Kinachotuunganisha sisi watatu ni waifai yenu.

Kijana wenu aliniuliza swali ambalo lilikuwa na mantiki: mbona tovuti ya benki inafunguka vizuri? Ni kweli inafunguka, na tulipoipima tulikuta cheti chake halisi. Lakini hilo halikitetei kifaa chenu. Proksi za aina hii huwa na orodha ya tovuti za kuachwa zipite bila kufunguliwa, na benki kwa kawaida zimo katika orodha hiyo. Benki moja kupita salama wakati barua pepe inafunguliwa ni dalili kwamba kuna mtu aliyechagua kipi kifunguliwe na kipi kiachwe. Lango la vocha halina uchaguzi wa namna hiyo.

Ushauri niliopewa baadaye ndio ulionifanya nishike kalamu. Nilitumiwa faili la cheti kwa WhatsApp na kuambiwa nilipakie kwenye kompyuta zote za ofisi kama cheti cha kuaminika, na onyo litakwisha. Litakwisha kweli. Lakini cheti cha ngazi hiyo hakiruhusu tovuti moja. Kinaiambia kompyuta iamini cheti cha tovuti yoyote duniani alimradi kimetiwa sahihi na mwenye ufunguo wa kifaa chenu, na ruhusa hiyo inabaki hata kompyuta ikitoka Kirumba ikaunganishwa kwenye mtandao mwingine Bukoba au Musoma. Ufunguo huo ukiibiwa, ukinakiliwa na fundi aliyeacha kazi, au ukiwa ni uleule katika majengo yenu yote, sisi hatutakuwa na njia ya kujua. Mwajiri anaweza kuweka cheti cha namna hii kwenye kompyuta zake baada ya kuwaarifu wafanyakazi wake. Kampuni inayoniuzia intaneti haina nafasi hiyo kwenye kompyuta zangu.

Tena kifaa chenyewe hakikagui vizuri. Ipo tovuti ya majaribio, `expired.badssl.com`, ambayo kwa makusudi inaonyesha cheti kilichoisha muda wake Aprili 2015. Kwenye data za simu kivinjari kinaikataa kwa `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, kama inavyopaswa. Kwenye mtandao wenu tuliletewa cheti kipya cha tovuti hiyohiyo, chenye tarehe ambazo bado ni hai, kimetiwa sahihi na kifaa chenu. Maana yake ni kwamba kifaa kilipokea cheti kibovu kutoka upande wa pili, kikakikubali, kikatupa sisi kingine kinachoonekana kizima. Kama tungekuwa tumepakia faili lile, tovuti ile ingefunguka bila onyo hata kidogo. Siku tapeli atakapoweka tovuti ya bandia ya mfumo wa kodi, kinga ya mwisho tuliyo nayo ni kivinjari kugoma, na hiyo ndiyo mnayotuomba tuizime.

Hadi sasa sehemu kubwa ya kazi yetu imeokolewa na tovuti zenyewe. Zile zilizoagiza vivinjari visizifungue kamwe bila cheti halali hazionyeshi hata kitufe cha kuendelea. Lakini si zote zilizofanya hivyo. Jirani yetu mmoja wa jengo, kwa kufuata maelekezo aliyopewa kwa simu, alibofya aendelee kwenye mfumo wa msambazaji wake na akaandika nywila. Tumemsaidia kuibadilisha kupitia data za simu. Kama nywila ile ilihifadhiwa kwenye kumbukumbu za kifaa chenu au ilipita tu, kwa upande wetu hakuna kipimo kinachoweza kutuambia. Ninyi pekee mnaweza kulijibu hilo, na mna wajibu wa kulijibu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamgusa kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo kwa maandishi. Kwanza, mseme wazi kama kifaa cha jengo letu kimewashwa kufungua mawasiliano ya `https`, tangu lini, na nani aliagiza. Nakubali inawezekana fundi aliacha tu mpangilio wa kiwandani bila nia mbaya, lakini hata hivyo nataka kuambiwa. Pili, ufunguaji huo uzimwe kwa wateja wote wa jengo. Kama lengo lilikuwa kuzuia tovuti chafu au kupunguza matumizi ya video, kazi hiyo inaweza kufanywa kwa kuchuja majina ya tovuti bila kufungua yaliyomo. Tatu, mseme kumbukumbu za kifaa zina nini ndani yake, zinakaa wapi, na zitafutwa lini. Nne, wafanyakazi wenu waache kuwatumia wateja faili lile, na waliokwisha kulipakia waelekezwe namna ya kuliondoa.

Naomba pia fidia ya ada ya kipindi ambacho tumelipia huduma yenu huku tukinunua bando za simu ili kazi za wateja zisikwame. Risiti za bando nimeziambatisha, pamoja na picha za maonyo na matokeo ya vipimo kutoka mitandao yote miwili.

Nipo tayari kumpokea fundi wenu ofisini siku yoyote ya kazi ili arudie vipimo hivi mbele yangu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitaliwasilisha suala hili Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nikiambatisha nakala ya barua hii.

Wenu katika kazi,

Mmiliki, ofisi ya uwakala wa nyaraka,
Kirumba, Mwanza.

Nakala: Msimamizi wa jengo.